Senti mbili, visoda na kanga: somo la ukarimu kwa Sande skuli

Somo hili ni la darasa la watoto wa miaka sita hadi kumi, kama 24 hivi, lenye mwalimu mmoja na msaidizi mmoja, na dakika 45 kabla wazazi hawajatoka ibadani. Mkiwa wachache, litakwenda kwa urahisi zaidi. Wakizidi 30, usijaribu sehemu ya nne, ya ndoo, bila kuongeza msaidizi.

Hadithi ni ya mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina, Marko 12:41-44. Mchezo unatumia visoda, yaani vizibo vya chupa za soda. Mstari wa kukariri ni 2 Wakorintho 9:7. Nimevichagua vitatu hivi kwa sababu vinasema jambo moja. Ukichukua hadithi ya huku, mchezo wa kule na mstari wowote wenye neno "kutoa", watoto watakumbuka mchezo tu.

Vitu vya kuandaa Jumamosi: kopo tupu la bati, la maziwa ya unga linafaa sana, sarafu kumi na mbili hivi, visoda 37, pipi zenye karatasi, tatu kwa kila mtoto, maana yake 72 kwa watoto 24, ndoo ndogo, kitambaa kinene, na kanga moja. Visoda utavipata bure kwenye grosari yoyote, ila vioshe, kisha pitisha kidole ukingoni na utupe vyenye ncha kali. Usitumie maharage kama una watoto wadogo darasani. Harage moja likishaingia puani, somo limekwisha na safari ya zahanati imeanza.

Kwanza: hadithi, dakika kumi

Anza na sauti kabla hujafungua Biblia. Shika kopo juu ili wote waone, chukua sarafu kumi kiganjani, uziachie zote kwa mpigo. Zitalia chwaaa. Mwaga, kisha tia sarafu mbili tu, moja baada ya nyingine: ti, ti. Uliza, "Nani ametoa nyingi?" Watapiga kelele, na jibu lao litakuwa lile unalolitaka kwa sasa: yule wa kwanza. Usiwasahihishe. Liache jibu hilo liwepo, utalirudia baadaye.

Sasa wapeleke Yerusalemu. Mapokeo ya Kiyahudi yanaeleza kwamba hekaluni palikuwa na masanduku 13 ya sadaka yenye umbo la baragumu, membamba juu na mapana chini. Watoto wanalipenda umbo hilo, na ukiwa na karatasi ngumu unaweza kuikunja iwe kama faneli na kuichomeka juu ya kopo. Yesu ameketi kuelekea sanduku, anatazama watu wanavyotia. Hapo nitulie kidogo, maana ndilo jambo ambalo walimu wengi tunalipita: alikaa chini. Hakuwa akipita njia. Mwambie mtoto mmoja akae kwenye kiti mbele ya kopo na atazame wenzake wanne wakija kutia, watatu wenye sarafu nyingi na mmoja mwenye mbili. Huyo aliyekaa mwulize tu, "Umeona nini?"

Kisha soma aya zenyewe, polepole, kutoka kwenye Biblia, wala usisimulie kwa maneno yako peke yake. Biblia yetu ya Union, ya 1952, inasema mjane alitia "senti mbili, kiasi cha nusu pesa", na hapo watoto watakukodolea macho, kwa sababu kwao pesa ni pesa yoyote. Zamani pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Lakini watoto hawahitaji historia ya rupia, wanahitaji kitu cha leo. Sarafu zile mbili za mjane kwa pamoja zilikuwa sehemu moja ya 64 ya dinari, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Basi fanya hesabu hii ubaoni: kibarua akilipwa shilingi 10,000 kwa siku, gawanya kwa 64, unapata shilingi 156. Waulize shilingi 156 zinanunua nini hapo kwenu. Darasani kwangu walibishana kama ni andazi moja au nusu andazi, na ubishi ule ulifanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Halafu waonyeshe sarafu mbili kiganjani, funga moja, uache moja. "Alikuwa na mbili. Angeweza kutia moja na kubaki na moja, si ndiyo?" Kaa kimya. Wataelewa.

Kuna swali litakalokuja, na lisipokuja kwa mdomo litakuwa vichwani mwao: "Mwalimu, sasa siku ile alikula nini?" Jibu la kweli ni kwamba Marko hasemi. Nimesikia walimu wakiongeza kwamba alipofika nyumbani alikuta unga umejaa, au tajiri mmoja akamfuata na mfuko. Huo unga ni wa mjane wa Sarepta, hadithi nyingine kabisa, 1 Wafalme 17. Ukiongeza mwisho mtamu, umewafundisha watoto kwamba mjane alifanya biashara nzuri. Sema, "Biblia haituambii, ila tunajua Yesu alimwona." Kama una watoto wakubwa, rudi nyuma aya moja tu, Marko 12:40, uwaonyeshe kwamba Yesu alikuwa ametoka kuwakemea viongozi wanaozila nyumba za wajane. Hii ni kinga kwako pia. Hadithi hii haikuandikwa ili kumkamua asiye na kitu, na mtoto asitoke hapo akidhani kanisa linamdai nauli yake.

Pili: mchezo wa visoda, dakika kumi

Ita watoto wanne mbele. Wape visoda kwa idadi zisizolingana: wa kwanza 20, wa pili 10, wa tatu 5, wa nne 2. Wengine wote wahesabu kwa sauti unapogawa. Kisha kila mmoja anatia koponi idadi unayomwambia: mwenye 20 anatia 5, mwenye 10 anatia 3, mwenye 5 anatia 1, mwenye 2 anatia vyote 2.

Uliza lile swali la mwanzo: "Nani ametoa nyingi?" Watasema yule aliyetia vitano. Sawa. Sasa waambie wale wanne wakunjue mikono na waonyeshe kilichobaki. Mmoja ana 15, hata kiganja hakitoshi. Wa pili ana 7, wa tatu ana 4. Wa nne ana mkono mtupu. Darasa hunyamaza hapo lenyewe. "Yesu alitazama nini, kilichoingia koponi au kilichobaki mkononi?" Rudi kwenye aya ya 44: wengine walitia katika mali iliyowazidi. Neno "iliyowazidi" ndilo lile rundo la visoda 15. Wagusie kwa kidole.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza ni nani atapewa visoda viwili. Usimpe mtoto anayejulikana darasani kwamba kwao mambo ni magumu. Utakuwa umemsimamisha mbele ya wenzake avae umaskini wake, na hata kama mwisho wa mchezo yeye ndiye shujaa, wenzake watamwita "Viwili" hadi Pasaka. Mpe mchangamfu asiyejali, au msaidizi wako. Mimi siku hizi nampa msaidizi, na watoto hufurahi kumwona mtu mzima akibaki mikono mitupu.

La pili lilinishangaza. Mwaka jana, kabla sijauliza swali langu zuri, mtoto wa darasa la pili aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kwa nini huyu wa ishirini asimpe huyu wa viwili?" Nilikuwa karibu kumwambia asubiri. Kwa bahati nilijizuia, nikamwambia yule mwenye visoda vingi, "Unasemaje?" Akatazama rundo lake, akahesabu vitano, akampa. Kisha mwenye 7 naye akatoa kimoja bila kuambiwa. Hadithi yangu iliharibika kidogo, kwa sababu mjane hakubaki mtupu tena, lakini somo lilikuwa limefika mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimelipeleka. Likikutokea, waache waendelee. Halafu warudishe kwenye hadithi kwa swali moja: "Siku ile hekaluni, kuna aliyempa mjane?"

Tatu: mstari, dakika kumi na tano

Huu ndio moyo wa somo, kwa hiyo nimeupa dakika nyingi zaidi. Mstari mzima unasema: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Wenye miaka sita na saba wajifunze kuanzia "Mungu humpenda". Wa nane hadi kumi waupate wote.

Tatizo ni neno "ukunjufu". Mtoto halitumii, hata mtu mzima halitumii nje ya kanisa. Niliwahi kuwakaririsha mstari huu wiki tatu, nikawa najisifu, mpaka nilipomsikia mtoto mmoja akiusema peke yake, kwa sauti ya ushindi: "kwa moyo wa ukungu." Wenzake hawakucheka. Nao walikuwa wanasema hivyohivyo.

Kumbe Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshanisaidia na sikuona. Ukunjufu unatoka kwenye kukunjua, na kukunjua ni kinyume cha kukunja. Kila mtoto anajua kukunja nguo, kukunja ngumi, kukunja uso. Basi fanya hivi. Waambie wote wakunje ngumi kwa nguvu, wakunje na uso. "Hapo naweza kuweka kitu mkononi mwako?" Hapana. "Kinaweza kutoka?" Hapana. Hapo ndipo unawapa msemo ambao wengi wameusikia nyumbani: mtu mchoyo huitwa mkono wa birika. Birika la chai mkono wake umejikunja siku zote, haujawahi kunyooka. Simama mbele yao, mkono mmoja kiunoni kama mkono wa birika, waige. Watacheka na kupiga kelele, wape nusu dakika.

Kisha kwa sauti ya chini: "Sasa kunjueni." Vidole vifunguke taratibu, na uso nao ufunguke. "Huo ndio ukunjufu. Mkono unakunjuka, na moyo unakunjuka." Hawatasema ukungu tena.

Baada ya hapo ugawe mstari kwa vipande vyenye vitendo. "Mungu", kidole juu. "Humpenda", mikono kifuani. "Yeye atoaye", ngumi mbele. Waambie kwamba atoaye ni anayetoa. "Kwa moyo", gusa kifua. "Wa ukunjufu", ngumi inafunguka. Rejeo lisemwe mwanzoni na mwishoni, "Wakorintho wa Pili, tisa, saba", la sivyo ndilo linalopotea kwanza. Wewe sema, wao waitikie, mara tatu. Kisha mstari wa mbele peke yao, wa nyuma peke yao, kisha kwa kunong'ona.

Usizidishe. Baada ya mara ya tano au ya sita watoto huanza kuimba badala ya kusema, na mtoto akiimba mstari amelala macho wazi. Utaijua hali hiyo pale utakaponyamaza katikati, baada ya "yeye", ukaona wengi wanaendelea na mdundo bila neno. Badilisha. Kwa wanaojua kusoma, andika mstari ubaoni na ufute neno moja kila wanapomaliza, uanze na maneno mepesi kama "na" na "kwa", uache "ukunjufu" liwe la mwisho kufutwa. Kwa wasiojua kusoma, nyamaza kabla ya neno moja na ufanye kitendo chake tu, wao walitaje.

Kwa wakubwa, eleza kwa ufupi mazingira ya mstari: Paulo alikuwa akiwaandikia Wakorintho kuhusu mchango kwa waumini maskini wa Yerusalemu. Alihitaji ule mchango, na bado akaandika "wala si kwa lazima". Maneno hayo manne mwalimu ayashike vizuri, kwa sababu dakika tano zinazofuata zinayategemea.

Nne: ndoo chini ya kanga

Gawa pipi tatu kwa kila mtoto. Waambie ukweli: hizi ni zako, unaweza kuondoka nazo zote. Ndoo iliyo pale mezani ni kwa ajili ya watoto wa ibada ya pili, ambao leo hawakuandaliwa pipi. Anayetaka kutia atie, idadi anayotaka yeye. Asiyetaka hatalaumiwa. Hakikisha maneno hayo ni kweli, yaani usiwe umewaandalia watoto wa ibada ya pili pakiti nyingine kabatini.

Funika ndoo na kanga. Kila mtoto anakuja amekunja ngumi, anaingiza mkono chini ya kanga, na anautoa ukiwa umekunjwa vilevile, ametia au hakutia. Ndani ya ndoo, chini kabisa, tandika kile kitambaa kinene, la sivyo pipi italia kama zile sarafu za matajiri na siri itakuwa imetoka.

Kwa nini mzunguko wote huu? Mara ya kwanza nilifanya wazi. Watoto wakapanga mstari, wa kwanza akatia pipi moja, na wote nyuma yake wakatia moja moja wakinitazama usoni. Mmoja alitia zote tatu, wenzake wakapiga makofi, nami nikapiga. Baada ya somo nikamkuta nyuma ya jengo analia kwa sababu alizitaka zile pipi. Alitoa kwa huzuni, na kwa lazima ya makofi yangu. Yote mawili ambayo mstari umeyakataza, tena dakika kumi tu baada ya kuukariri.

Kwa hiyo usihesabu mbele yao. Usiseme "jamani, ndoo imejaa" wala "naona wengine leo wamekunja". Na zaidi ya yote, usirudishe. Mwalimu mwenye huruma hushawishika kuwapa pipi za ziada waliotoa. Watoto wanajua hesabu, na Jumapili ijayo watatoa ili warudishiwe. Utakuta pia karatasi tupu za pipi ndani ya ndoo, hasa za wavulana. Cheka peke yako, uzitupe.

Mtoto akija mwishoni kukuambia, "Mwalimu, mimi sikutia," mshukuru kwa kusema kweli na umwache aende zake. Aliyekuja kukuambia amekwisha kuanza kufikiri.

Tano: kabla hawajatoka, na Jumapili inayofuata

Waambie jambo moja la nyumbani, na uliseme pia kwa wazazi mlangoni: mtoto hutoa kilicho chake. Nalisema hili kwa sababu niliwahi kutofundisha hivyo. Jumatatu mtoto akagawa penseli zake zote na kifutio shuleni, na Jumapili mama yake akanijia. "Mwalimu, shikamoo. Nimekuja na swali, nani atanunua nyingine?" Alikuwa na haki. Zile penseli alizinunua yeye. Mtoto wa miaka saba ana vitu vichache vilivyo vyake kweli: kipande cha muwa alichopewa, zamu yake ya mpira, nafasi yake ya kukaa dirishani, nusu saa ya kumsaidia mdogo wake. Wape mifano hiyo, maana ukisema "toeni" bila mfano, atafikiria pesa, na pesa hana.

Usiwaulize pia kama wameleta sadaka na ni shilingi ngapi. Kuna anayekuja bila kitu kila wiki na anajua kwamba unajua.

Jumapili inayofuata, anza na mstari kabla hujasalimia vizuri. Kunja ngumi, inyooshe mbele, nyamaza. Wakianza wenyewe "Yeye atoaye", umefaulu. Wakikutazama tu, rudia vipande mara mbili na uendelee. Kisha usiulize, "Nani alitoa kitu wiki hii?" Swali hilo huzaa uongo na mashindano, mikono yote huwa juu. Uliza, "Nani ameona mtu mwingine akitoa kwa mkono uliokunjuliwa?" Hapo wanakuwa kama Yesu pale kwenye sanduku, wamekaa wanatazama.

Safari iliyopita mkono mmoja tu uliinuka. Msichana wa miaka minane akasema yule dada anayeuza vitumbua kona ya njia ya shule alimwongezea babu mmoja kitumbua kimoja. Nikamwuliza amejuaje kwamba ni ukunjufu na si kwamba babu alilipa.

"Nilihesabu," akasema. "Alikuwa amebakiza viwili."